Nimepewa dili ya udhamini milioni 1.8 na programu ya mikopo, nataka kukataa kistaarabu. Nisomeeni imeili yangu kabla sijaituma

Mama_Uchanja · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wana ukumbi. Wanaonijua wanajua, nina chaneli ya biashara ya dagaa na sato, mwaka wa nne huu. Wafuatiliaji wamefika elfu 23. Wengi ni kinamama wanaoanika Igombe, Ukerewe na Sengerema, na wanaonunua gunia moja moja pale mwaloni Kirumba wakapeleke Shinyanga na Kahama. Siyo watu wa kuangalia tu wakapita. Wananipigia simu.

Wiki mbili zilizopita alinitafuta kijana wa wakala wa matangazo Dar, kwa wasapu. Mteja wao ni programu ya mikopo ya simu. Mimi kwa haraka nikajibu "nimevutiwa, leteni maelekezo". Akanitumia shilingi 50,000 "ya bando", nikapokea. Juzi maelekezo yakaja kwa imeili. Video tatu, kila moja niizungumzie programu kwa dakika moja kama vile naitumia kwenye mtaji wangu. Linki ikae kwenye komenti ya juu siku 90. Malipo 1,800,000, na juu yake 1,000 kwa kila mtu atakayepakua na kukopa mara ya kwanza.

Siku ileile aliponitafuta niliijaribu mwenyewe. Nimeomba 100,000, ikaingia 85,000, nyingine wamekata ada papo hapo. Siku ya 14 nimelipa 107,000. Na kabla ya yote iliomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yangu.

Nimeamua kukataa. Hilo sitaki tulijadili. Nataka mnisomee imeili, maana kijana wa watu hajanikosea kitu na sitaki kujifungia milango. Rasimu hii hapa:

> *Ndugu mpendwa,*
> *Awali ya yote napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa kuniona na kuniamini mimi kati ya wengi. Ni heshima kubwa sana. Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu kwani nilikuwa na majukumu mengi pamoja na msiba wa jirani. Baada ya kutafakari kwa kina, naomba radhi sana kuwa kwa sasa sitaweza kushiriki kampeni hii kwa sababu ratiba yangu imebana na pia bajeti haiendani na ukubwa wa kazi. Vilevile watazamaji wangu ni watu wa kipato cha chini na nimeona programu yenu ni kausha damu inayonyonya maskini na kuiba namba za watu. Naomba msinielewe vibaya. Labda siku za usoni tunaweza kufanya kazi pamoja. Naomba radhi tena kwa usumbufu.*

---

Fundi_Taa_Igogo · saa 2:31

Pole sana dada. Hao watu ukichelewa siku moja wanawapigia ndugu zako wote. Mimi walimpigia mpaka fundi mwenzangu. Wewe lipa umalize, na ukifuta programu hakikisha kwanza umezima ile ruhusa ya majina.

Mama_Uchanja · saa 2:34

Fundi, sidaiwi. Nimeshalipa. Wanataka niwatangaze.

Fundi_Taa_Igogo · saa 2:36

Aaa! Nimesoma haraka. Basi kataa.

Mkeka_Mstaafu · saa 2:50

Mimi nina ukurasa wa mpira wa mtaani, Pasiansi na Kirumba. Nilichukua tangazo la kubeti msimu mmoja. Hela ilikuja kweli, sidanganyi. Lakini kila nilipoweka matokeo, komenti ya kwanza ilikuwa "mkeka wako umechanika". Nikiandika kijana fulani ana kipaji, wananiuliza nimelipwa shilingi ngapi kusema hivyo. Tangazo niliondoa Machi, yale maswali yako mpaka leo.

Ngosi_wa_Nansio · saa 3:05

Mnakuza mambo. YouTube kuna kile kisanduku unaweka tiki kwamba video ina tangazo la kulipwa. Mtazamaji anaona maandishi mwanzoni. Umeshasema ukweli, mtu mzima aamue mwenyewe. Halafu Benki Kuu mwaka 2024 walitoa orodha ya programu 69 za mikopo walizozipiga marufuku. Kama hii haimo, ni halali, unamkataliaje?

Mstaafu_wa_Matangazo · saa 3:40

Miaka saba nilikuwa mimi ndiye ninayeandika hizo imeili za kuwatafuta ninyi. Sasa nafuga sato kwenye vizimba Nyegezi, napumua. Nianze na Ngosi, kisha nije kwa mama.

Ngosi, ile orodha ya Novemba 2024 ilitaja 69 zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kutokuwemo humo hakumpi mtu leseni. Leseni unaiangalia kwenye orodha ya wakopeshaji waliosajiliwa, ambayo Benki Kuu nayo inaiweka wazi. Na kisanduku cha YouTube kinamwambia mtazamaji kwamba umelipwa, basi. Hakimwambii kwamba mkopo wa siku 14 haulingani na biashara yake.

Mama, swali moja kabla sijagusa rasimu: umeangalia kama wana leseni?

Mama_Uchanja · saa 3:52

Wanayo. Nimeikuta kwenye orodha.

Mstaafu_wa_Matangazo · saa 4:20

Afadhali umeangalia, kwa sababu hapo ndipo rasimu yako inapokuingiza matatani. Umeandika "kausha damu", umeandika "kuiba namba". Mkopeshaji mwenye leseni, na ruhusa ya majina uliibonyeza wewe kwa kidole chako. Hiyo imeili kijana wa wakala hataisoma peke yake. Ataipeleka kwa mteja, mteja ataipeleka kwa wakili wake, na wewe ulikuwa unakataa dili tu. Unachokijua kwa uhakika ni kimoja: hela iliyoingia, hela uliyolipa na siku ngapi. Na hata hicho hakina kazi kwenye imeili ya kukataa.

Kosa la pili ni kubwa kuliko hilo, na kila mtu analifanya. Umetoa sababu ambazo si zako. "Ratiba imebana", atakujibu tusogeze mpaka mwezi ujao. "Bajeti haiendani", atakujibu mteja amekubali 2,500,000. Sasa utasemaje? Sisi tulikuwa tunafundishwa hivyo kabisa: mtu akitaja ratiba au bajeti, hajakataa, anapatana. Nilikuwa nawaandika kwenye daftari langu upande wa "bado". Aliyekataa kweli alikuwa anatoa sababu ambayo hela haiwezi kuitibu, na huyo hatukumrudia.

Kwa hiyo ondoa "kwa sasa", ondoa "labda siku za usoni". Kukataa kukae kwenye sentensi ya kwanza au ya pili, kijana asilazimike kupita kwenye msiba wa jirani (pole lakini) ndipo ajue jibu.

Binti_Sengerema · saa 4:33

Lakini si utakuwa mkavu? Sisi huku mtu humkatalii hivyo, unamzungusha kidogo aelewe mwenyewe.

Mstaafu_wa_Matangazo · saa 4:41

Ana kwa ana, sawa, zunguka. Mtu anauona uso wako. Kijana huyu ana karatasi yenye majina labda kumi na mawili na tarehe ya kuanza kampeni. Ukimzungusha siku nne umemnyima siku nne za kumtafuta mwingine, na bosi wake atamuuliza yeye. Adabu yako kwake ni kumjibu mapema na kumpa mstari anaoweza kuunakili kumpelekea mteja bila aibu. Shukrani weka, moja, na iwe ya kitu alichokifanya kweli.

Mama_Uchanja · saa 5:02

Wabeja sana. Nakubali ya ratiba na bajeti, niliandika kwa uoga. Lakini sababu ya kweli nitaisemaje bila kuwatukana? Nikisema "hailingani na maadili yangu" si ni kama nimewaambia wao hawana maadili?

Mchuuzi_wa_Giza · saa 5:25

Dada, mimi ni mtazamaji wako, naanika Igombe, na sababu ninayo mimi. Ngoja niwaambie hawa wa mjini.

Dagaa wanavuliwa giza. Mwezi ukikaribia kujaa, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inavutwa mchangani, watu wanashona nyavu wiki nzima, wakati mwingine na zaidi. Sasa mimi nikikopa leo, zimebaki siku nne giza liishe. Nanunua wabichi alfajiri, naanika. Jua likiwaka siku mbili nimemaliza. Mvua ikinyesha wanabadilika rangi, nauza bei ya chakula cha kuku. Tuseme jua limewaka. Napeleka mwaloni, mnunuzi wangu anachukua, ananiambia hela ukishuka mzigo Kahama. Hiyo ni wiki. Hela inarudi mbalamwezi iko juu, ziwani hakuna anayeingia, sina cha kununua niizungushe. Siku ya 14 inanikuta hapo hapo. Nilipe kwa kitu gani? Kwa kilekile kimtaji.

Kwa hesabu zako, nikichukua mara mbili ya ulizochukua, inaingia 170,000, narudisha 214,000. Gunia halijawahi kunipa faida ya 44,000 ndani ya hizo siku, labda msimu wa bei na bila mvua. Na wewe video yako ya mwaka jana ulisema kwa mdomo wako, "usikope hela inayodai kabla ya dagaa kukauka". Ninayo kwenye simu.

Mama_Uchanja · saa 5:31

Nimesahau hata kama nilisema. Ile ya uchanja wa waya, eti?

Mchuuzi_wa_Giza · saa 5:33

Hiyohiyo. Ulikuwa umevaa kitenge cha bluu.

Mstaafu_wa_Matangazo · Jumanne, saa 12:15 asubuhi

Sababu umeshaletewa na mtazamaji, na ni bora kuliko neno "maadili". Maadili ni neno la kubishana. Lakini "nimeshawashauri watazamaji wangu hadharani wasichukue mkopo wa muda mfupi kwa mtaji wa dagaa" ni kitu kilichotokea, kina video, na hakimtuhumu mtu. Mteja mwenyewe akikiona ataogopa: hakuna anayetaka kumlipa mtu ambaye komenti ya kwanza itakuwa kipande cha yeye akisema kinyume.

Ila angalia upana wa kanuni unayoiandika. Ukisema "sitangazi mikopo", utaibeba hiyo. Miezi sita ijayo ukitangaza SACCOS, kijana yule yule ana imeili yako. Andika kanuni kwa upana utakaoweza kuishi nao.

Ngosi_wa_Nansio · saa 12:40

Hapo sasa. Na lile tangazo la taa za sola mwezi wa pili? Zilikuwa za kulipa kidogo kidogo kila siku. Huo si mkopo? Nauliza tu.

Fundi_Taa_Igogo · saa 12:48

Taa siyo mkopo bwana, taa unaiona kwa macho. Usipolipa inajizima, hawampigii mama mkwe.

Ngosi_wa_Nansio · saa 12:51

Unalipa zaidi ya bei ya taslimu, kwa miezi. Ni mkopo wenye umbo la taa.

Mama_Uchanja · saa 1:10

Ngosi umenichoma, lakini una haki. Tofauti ninayoiona ni kwamba taa inafanya kazi usiku huo huo na malipo yanafuata usiku wa kuvua. Mbalamwezi wengi walikuwa wanaruhusiwa kusimamisha, taa inazimika tu. Lakini sitasema "sitangazi mikopo". Nitasema mikopo ya simu ya muda mfupi. Kama na taa nilikosea, hilo nitalitafakari peke yake.

Ngosi_wa_Nansio · saa 1:14

Sawa. Bado naona unaacha hela mezani, lakini sawa.

Karani_Asiye_na_Ofisi · saa 2:05

Mnaongelea maneno tu, kuna mambo mawili mmeyaruka. La kwanza, ile 50,000. La pili, uliandika "nimevutiwa". Sheria ya mikataba inasema ofa ikikubaliwa ni mkataba tayari, hata kwa wasapu. Wanaweza kukushtaki.

Mstaafu_wa_Matangazo · saa 2:30

Karani, la 50,000 umepiga penyewe, nililipita. La pili nusu. Ni kweli makubaliano yanaweza kufungwa hata kwa ujumbe wa simu. Lakini aliandika "leteni maelekezo" kabla hajaambiwa kazi wala bei. Hakuna alichokikubali. Ingekuwa amejibu "sawa" baada ya yale maelekezo yenye 1,800,000, ningemwambia atafute wakili asiulize hapa.

Hata hivyo ule ujumbe usiuache ukielea. Utaje kwenye imeili, kwamba ulionyesha kuvutiwa kabla ya kusoma maelekezo, na sasa umesoma. Mstari mmoja. Usipoutaja, kijana anaweza kumwambia bosi "alikuwa amekubali akageuka", na hapo jina lako ndilo linalochafuka kwa wakala wote, maana pale Dar wanahamahama ofisi na wanakwenda na madaftari yao.

50,000 rudisha. Yote, bila kukata ya kutolea.

Kuna la tatu ambalo hamlijui mkiwa nje. Ulimtumia picha za takwimu za chaneli?

Mama_Uchanja · saa 2:38

Ndiyo. Umri, mikoa, watazamaji wa siku 28. Aliomba siku ya kwanza.

Mstaafu_wa_Matangazo · saa 2:55

Basi kuna uwezekano jina lako na hizo picha ziko tayari kwenye mapendekezo aliyompelekea mteja, kabla hujakubali chochote. Tulikuwa tunafanya hivyo kila siku. Tunaweka watu kumi na mawili tukijua watano watakataa, karatasi inapendeza. Omba litolewe. Ombi la kawaida, halimuudhi mtu, na anayelisoma anajua kwamba huyu mama anaelewa kazi inavyokwenda.

Jibu kwenye mnyororo uleule wa imeili iliyoleta maelekezo, bonyeza jibu kwa wote, kwa sababu bosi wake mara nyingi yumo kwenye nakala. Usianze imeili mpya, usijibu wasapu.

Mama_Uchanja · saa 6:20 mchana

Nimeandika upya nikiwa kwenye kivuli cha mizani hapa mwaloni, mnisamehe kama kuna kosa.

> *Habari za kazi,*
>
> *Asante kwa maelekezo uliyonitumia Jumamosi, yameeleweka vizuri. Baada ya kuyasoma, sitaweza kuitangaza programu hii kwenye chaneli yangu.*
>
> *Wafuatiliaji wangu wengi wananunua na kuanika dagaa. Hela yao inarudi kwa kufuata giza na jua, na mara nyingi inapita siku 14. Nimeshawashauri kwenye video wasitumie mikopo ya simu ya muda mfupi kwa mtaji huo, kwa hiyo nikiitangaza nitakuwa napingana na nilichowaambia. Hili halihusiani na malipo wala ratiba.*
>
> *Nilipokuandikia kwamba nimevutiwa nilikuwa sijayaona maelekezo. Shilingi 50,000 uliyonitumia naomba kuirudisha, nielekeze namba ya ofisi ya kupokelea. Kama jina la chaneli au takwimu zake zimeshawekwa kwenye mapendekezo ya mteja, naomba zitolewe.*
>
> *Mkiwa na mteja wa vifungashio, majokofu au vifaa vya kuanikia, nitafurahi kusikia kutoka kwenu.*
>
> *Mama Uchanja*

Binti_Sengerema · saa 6:34

Mi naona imetulia. Haina "naomba radhi" hata moja na bado haijakosa adabu, nimeshangaa.

Mkeka_Mstaafu · saa 6:50

Hiyo ya "hili halihusiani na malipo" ningeiandika mimi ule msimu, leo ningekuwa na amani.

Mstaafu_wa_Matangazo · saa 7:10

Nzuri. Ningekata kitu kimoja, "na mara nyingi inapita siku 14". Hiyo inawapa mlango: watakuja na mkopo wa siku 30. Mpango wa mteja unaweza kubadilika kesho. Ibaki kwamba inafuata giza na jua, inatosha.

Aya ya mwisho nimeipenda kwa sababu umetaja vitu. Watu wanaandika "tushirikiane siku zijazo", maneno ambayo hayampi kijana cha kuandika kwenye daftari. Ukiandika majokofu, ataandika majokofu.

Mchuuzi_wa_Giza · saa 7:22

Na uchanja wa waya! Mwambie ule waya wenye matundu madogo, wa matundu makubwa dagaa wanadondoka wote.

Mama_Uchanja · saa 7:40

Nimekata siku 14. Nimetuma.

---

Binti_Sengerema · Jumatano, saa 1:30 jioni

Mama, utafanya video kuwaambia watazamaji kwamba umekataa? Mimi ningefanya. Wajue.

Mkeka_Mstaafu · saa 1:42

Afanye! Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Mstaafu_wa_Matangazo · saa 2:00

Mimi singefanya. Maelekezo ya kampeni ni ya mteja, bei ni ya mteja. Ukitaja jina umevunja uaminifu mwingine ili kuonyesha huu. Usipotaja jina, watu watabahatisha na watamtaja ambaye siye.

Mchuuzi_wa_Giza · saa 2:15

Mimi mtazamaji sihitaji kujua alikataa nini. Ninachohitaji ni hesabu. Aweke video ya hesabu ya mkopo wa siku 14 na mzunguko wa dagaa, asimtaje mtu, kila mmoja apige na programu yake.

Mama_Uchanja · saa 2:40

Hapo nimegawanyika. Video ya hesabu nataka kuifanya, lakini nikiitoa wiki hii kijana ataona nimemjibu mara mbili, mara ya pili hadharani. Labda nisubiri. Labda nisisubiri, maana giza linaanza na watu ndipo wanapokopa. Sijaamua.

Ngosi_wa_Nansio · saa 2:52

Ukiifanya weka na hesabu ya taa.

---

Mama_Uchanja · Alhamisi, saa 3:15 asubuhi

Majibu yamekuja, mawili. Bosi kajibu kwenye imeili, mistari miwili: asante, jina litatolewa, mteja amearifiwa. Sawa.

Nusu saa baadaye kijana kaja wasapu. Anasema mteja amependa sana chaneli na anaweza kwenda 2,600,000 kwa video mbili, na skripti nitaandika mwenyewe. Kuhusu 50,000 anasema nitume tu kwenye namba yake, ofisi haina utaratibu wa kupokea.

Naungama, niliisoma 2,600,000 mara tatu. Hiyo ni zaidi ya ninachopata kwenye chaneli kwa miezi mingi.

Mstaafu_wa_Matangazo · saa 3:30

Kila mtu anaisoma mara tatu. Bosi amefunga kwenye imeili, kijana anajaribu pembeni, labda ana lengo la mwezi. Usimjibu kwa hoja mpya, ukiongeza hoja umefungua mazungumzo. Mjibu: "Asante, jibu langu ni lile la kwenye imeili ya Jumanne." Nukta.

Hela usitume kwenye namba yake. Labda ni mwaminifu, labda 50,000 iliandikwa kwenye vitabu kama imelipwa kwako na haitaonekana kurudi. Rudi kwenye imeili, jibu kwa wote, uliza namba ya kampuni ya kupokelea. Ikija, tuma, kisha weka picha ya muamala kwenye mnyororo huohuo.

Karani_Asiye_na_Ofisi · saa 3:41

Nilisema mimi hiyo 50,000 ina mambo.

Fundi_Taa_Igogo · saa 3:50

Samahani natoka nje ya mada, Mchuuzi, ile taa yako iliyokuwa inafifia uliileta kwangu au kwa jirani? Kuna moja hapa haina mwenyewe.

Mchuuzi_wa_Giza · saa 3:58

Ni yangu! Nakuja jioni, usimpe mtu.

Mama_Uchanja · saa 5:05

Nimemjibu kijana kwa maneno hayohayo, kasoma, kaweka kidole gumba, basi. Ya 50,000 nimeuliza kwenye imeili, bado kimya. Nimeitoa kwenye salio la biashara nimeiweka kando kwenye bahasha ndani ya beseni la chumvi, nisije nikainunulia dagaa.

Mitumbwi inashuka leo usiku, nipo Igombe mpaka alfajiri. Mtandao kule ni wa kubahatisha, wakijibu nitaweka hapa.